Mradi wa vichanja vya dagaa: muda wa kupanga niupeleke wapi?

"Kaka habari za kazi. Nasimamia mradi wa kikundi cha kinamama wanaokausha dagaa, mwalo mmoja huku Ilemela, Mwanza, miezi 12. Tunajenga ghala dogo, tunaweka vichanja 40, na mauzo tunataka yaingie kwenye simu badala ya daftari. Mfadhili anataka chati ya kazi zote wiki kwa wiki ndo atoe hela. Kijana wetu wa mfumo anasema mambo ya chati ni ya kizamani, tuanze tu tutapanga mbele kwa mbele. Mi nipo katikati. Nani yuko sahihi, na muda wangu wa kupanga niupeleke wapi?"

Dada yangu, salama kabisa. Wote wawili wako sahihi, ila kila mmoja anaangalia kipande chake. Mfadhili kichwani ana ghala, kijana kichwani ana simu, na vichanja ambavyo ndo moyo wa mradi wako naona hamna anayeviongelea.

Nianze na kitu kimoja kinachochanganya watu wengi, hata waliosomea. Ukiuliza hatua za mradi utaambiwa kuanzisha, kupanga, kutekeleza, kufuatilia, kufunga, alafu mtu anachora mishale mitano anaamini kupanga ni chumba cha pili, ukitoka humo hurudi. Hizo tano ni aina za kazi za usimamizi, na zinajirudia ndani ya kila hatua ya mradi. Hatua zenyewe zinatokana na kitu unachotengeneza. Ghala lako lina hatua zake, kuangalia kama eneo linafaa, kuchora, kupata kibali na mafundi, kujenga, kukabidhi, na kila moja inaisha na mlango wa maamuzi, yani mnakaa mnaulizana tusonge, turudi nyuma au tuache. Sasa ndani ya hatua ya kujenga peke yake utapanga, utatekeleza, utafuatilia na utafunga. Kwahiyo kupanga kupo mwaka mzima kwenye kila mradi duniani, swali la maana ni lini unapanga kwa wingi na lini unapanga kidogo.

Hapo ndo mikabala mitatu inapoachana. Ule wa kutabiri, ambao mfadhili wako anautaka, unamwaga nguvu ya kupanga mwanzoni, unachora kila kitu, unakadiria, mnakubaliana kwamba huu ndo mpango wa msingi, na baada ya hapo kazi yako ni kuulinda, mabadiliko yakija yanapita kwa maombi rasmi. Ule wa marudio unapanga kwa jumla mwanzoni kisha unapanga tena kila duru, unatengeneza kidogo, unawapa watumiaji, unaona kilichotokea, unapanga duru inayofuata kwa ulichokiona. Mseto ni kuvichanganya kwa makusudi kwenye mradi mmoja, na nasisitiza kwa makusudi maana wengi wanaita mseto kitu ambacho ni mkanganyiko tu.

Kijana wako mwambie kwa upole kwamba hata wale watu 17 waliokaa Utah kule Marekani Februari 2001 wakaandika tamko la ejaili, yani la kazi za marudio, hawakusema msipange. Walisema kuitikia mabadiliko wanakuthamini zaidi kuliko kufuata mpango, na papo hapo wakaandika kwamba hivyo vingine navyo vina thamani. Timu inayofanya marudio vizuri inaweza kupanga masaa mengi kwa mwaka kuliko ya chati, ila imeyagawa vipande vidogo vidogo.

Tufanye hesabu na mradi wako. Tuseme wewe, msaidizi wako na kamati mna siku 60 za kupanga kwa mwaka mzima, namba hiyo nimeiweka mimi ili tupate pa kushika. Ukienda kwa kutabiri mradi wote, siku kama 45 zinaisha kabla jembe halijagusa ardhi na 15 zinabaki za kufuatilia. Ukienda kwa marudio mradi wote, unatumia siku 12 mwanzoni na siku 4 kila mwezi, 12 jumlisha 48, ni zile zile 60. Umeona sasa, kiasi ni kile kile, kilichohama ni mahali. Na mahali pa kuziweka unapajua kwa maswali mawili tu: nikikaa mezani leo naweza kukijua hiki kitu mpaka mwisho wake, na nikikosea kukirudisha kutanigharimu nini.

Chukua ghala. Nguzo ikiwa kwenye karatasi kuihamisha ni ufutio. Zege likishamwagwa ni nyundo, vumbi na kulipa fundi mara mbili, na zege lenyewe unalimwagilia wiki nzima, nguvu yake iliyokusudiwa wanaipima siku ya 28, kwahiyo hamna cha kujaribu jaribu. Alafu mengi ya ghala yanajulikana mezani, mabati mangapi, tofali ngapi, mifuko mingapi, fundi mzuri anakupa na BOQ, yani orodha ya vifaa na gharama zake. Umepita daraja la Kigongo-Busisi, zile kilomita 3 juu ya Ziwa Victoria, kazi imeanza 2020 likafunguliwa Juni 2025, nguzo ya katikati ya ziwa huwezi kusema tuweke hapa alafu tuone wananchi wanasemaje. Kitu cha namna hiyo kinadai mpango mzito mwanzoni, na ghala lako kwa udogo wake ni ndugu wa daraja.

Na kwa sisi tulio kandokando ya ziwa kuna vitu viwili ambavyo usipovipanga mwanzoni hamna duru itakayokuokoa. Cha kwanza sheria ya mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ziwani, kwahiyo kanda ya kupimia inaenda ufukweni kabla ya penseli. Cha pili maji yenyewe yanatembea, 2020 ziwa lilipanda mpaka likavunja rekodi ya miaka ya sitini na mialo mingi ikamezwa, na 2024 likapanda tena. Waulize wazee wa mwaloni maji yalifika wapi miaka hiyo miwili, wakuoneshe kwa kidole, mti gani, jiwe gani, weka vigingi, piga picha. Siku mbili za kupanga hizo, na zina thamani kuliko wiki mbili za kupaka rangi chati.

Sasa vichanja. Hapa ndo nataka nikae na wewe kidogo, maana ndo watu wanapokosea wakidhani ni kazi rahisi. Kwenye karatasi kichanja ni mirunda, wavu juu, basi, unazidisha mara 40 unapata bajeti. Ila nilishasimama kwenye kichanja cha upana wa mita 2 nikamwangalia mama anavyogeuza dagaa, mkono wake unafika karibu na katikati unaishia hapo, anasimama kwa ncha za vidole vya miguu, tumbo linaegemea murunda, bado hafiki. Dagaa wa katikati hawageuzwi. Alafu wavu ukibebeshwa dagaa wabichi wenye maji unabonyea, wote wanateremkia kwenye shimo la katikati, wanalaliana, na ndo hao hao mkono hauwafikii. Jioni pembeni pamekauka vizuri, katikati kuna bonge lenye harufu. Hilo mchoro haukuambii. Ukipunguza upana ukawa mita 1.2 watu wakafanya kazi pande zote mbili, kila mkono unatakiwa kufika sentimita 60 tu, na wavu haubonyei sana. Lakini sasa vichanja vinakuwa vingi zaidi kwa eneo lile lile, njia za kupita zinaongezeka, na huenda 40 zako hazitoshi kwa mzigo wa siku dagaa wakija kwa wingi. Unaona jibu moja linavyofungua swali lingine, na hamna mtu wa kuyajibu yote mezani mwezi wa kwanza.

Kwahiyo vichanja vinaanza kwa marudio. Unajenga viwili au vitatu, kila kimoja na upana wake na wavu wake, unavipa kinamama, unalinganisha na dagaa wa siku ile ile walioanikwa mchangani. Swali linalofuata watu wote wananiuliza, duru iwe ya muda gani? Vijana wa mifumo watakwambia wiki mbili kwasababu ndo wamezoea. Mi nasema urefu wa duru unaamuliwa na lini unapata majibu kutoka kwa mtumiaji, na kwenye dagaa mwenye kalenda ni mwezi wa angani. Wavuvi wanaingia na taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawakusanyiki kwenye taa na mitumbwi mingi inakaa. Basi duru yako ni giza moja. Kipindi cha giza kinamama wana mzigo, unajaribu na unaandika unachokiona, mbalamwezi ikishika wana nafasi, mnakaa chini ya mti mnaongea mnapanga giza linalofuata. Ukiweka kikao cha tathmini katikati ya giza nani atakuja, na akija mawazo yake yapo kwenye dagaa wanaoungua jua.

Hapo kuna kosa la jina, nilisahihishe. Kujenga vichanja 10, kisha 10, kisha 10, kisha 10 vinavyofanana hayo sio marudio, hiyo ni nyongeza, unagawa kazi vipande ili watu waanze kutumia mapema. Marudio ni kukirudia kitu kile kile mpaka kikae sawa. Vyote ni vizuri, ila ukifanya nyongeza ukadhani unafanya marudio utazidisha kosa mara nne kabla hujaligundua.

Na marudio lazima yawe na mwisho. Wekeni kwa maandishi, kwamba giza mbili zikipita mfululizo bila badiliko kubwa la umbo, au giza la nne likiisha, hata iweje tunachagua. Baada ya kuchagua, kichanja kinahama mkabala. Kujenga vichanja 40 vinavyofanana na kile kilichoshinda ni kazi ya kutabiri kabisa, mirunda mingapi, misumari kilo ngapi, mafundi wangapi siku ngapi. Huo ndo mseto wa kupokezana, marudio kwanza utabiri baadae, na wengi hawaujui, wanajua ule wa sambamba tu ambapo ghala linaenda kivyake na simu kivyake. Wewe utakuwa nao wote wawili.

Kwa kalenda, tuseme hela inatoka Julai. Julai na Agosti ghala linachorwa na kibali kinafuatiliwa, msingi mnaujitahidi Septemba kabla vuli haijaanza. Vichanja vya majaribio vinatumika giza za Agosti, Septemba, Oktoba na Novemba. Nimezisogeza mpaka Novemba kusudi, maana kichanja ambacho hakijanyeshewa hujakijaribu, mnatakiwa muone mvua ikidondoka ghafla saa nane mchana kinamama wanafunika turubai kwa dakika ngapi. Uamuzi mwisho wa Novemba, ununuzi Desemba, ujenzi wa vichanja vyote Januari na Februari kabla masika ya Machi.

Simu nayo ni marudio, na hapa nina kidonda changu. Miaka ya nyuma nilisimamia mradi kwenye kisiwa kimoja, tukapanga mfumo wa kumbukumbu za mauzo kwa wiki sita, fomu nzuri, safu zimenyooka, tukachapa nakala 2,000. Wiki ya tatu ya kazi naenda kuangalia nakuta safu ya kilo haina kitu karibu kurasa zote. Kinamama walikuwa wanauza kwa ndoo na kwa sado, mizani ilikuwa ya mnunuzi mkubwa peke yake. Mmoja akanionesha daftari lake la shule, kachora viboko vitano vitano, kila kiboko ndoo moja, pembeni kaandika bei na jina la mnunuzi. Daftari lile lilikuwa na kila kitu tulichokihitaji, na tulilala nalo kisiwa kimoja wiki sita nzima tunapanga bila kulifungua. Nakala zile hazikutumika. Kwahiyo kijana wako asianze na skrini, aanze na madaftari matatu manne ya kinamama, atengeneze kitu cha kuingiza ndoo, bei na mnunuzi tu, giza moja wakitumie, alafu ndo apange kinachofuata.

Tukirudi kwenye zile siku 60, kwa mseto zinakaa hivi. Ghala linachukua 24, kati ya hizo 20 mwanzoni na 4 za kufuatilia. Vichanja vinachukua 20, nne mwanzoni, tatu kwa kila giza la majaribio ambazo ni 12, na nne baada ya uamuzi za kupanga ujenzi wa vyote. Simu 16, mbili mwanzoni na mbili mbili kwa duru saba. Mwanzoni kabisa umetumia siku 26, chini ya zile 45 na juu ya zile 12, na nyingi zimeenda kwenye zege.

Kwenye chati ya mfadhili usimdanganye. Kuna watu wanajaza wiki ya 31 "kurekebisha wavu" ili tu mstari uonekane umejaa, baadae kila mwezi wanaandika sababu za kuchelewa kwa kazi ambayo hata haikutakiwa kuwepo. Ghala liandikie wiki kwa wiki kama anavyotaka. Vichanja vya majaribio viandikie mabox manne ya ukubwa sawa, giza la kwanza mpaka la nne, kila box na kiasi cha hela kisichozidi, swali linalojibiwa, na tarehe ya uamuzi. Yani unamfungia muda na hela, unamwachia wazi umbo. Simu vile vile. Na umwambie kwamba mwezi ujao na unaofuata utampa kwa undani, ya mbali kwa jumla, na undani utasogea kadri miezi inavyosogea, wenyewe wanaita kupanga kwa mawimbi. Wafadhili wengi wanakubali, kinachowatisha ni hela isiyo na mpaka. Akikataa kabisa, basi omba awamu mbili za mkataba, ya majaribio mpaka Novemba na ya ujenzi baada ya hapo, inachosha kwa makaratasi lakini ni salama kuliko kuahidi vichanja 40 vya mita 2.

Mseto unapovunjikia ni kwenye maungio. Ghala linaganda Septemba, vichanja vinaendelea kubadilika mpaka Novemba, sasa kama vichanja vitakuwa na trei za kubebea ndani mvua ikija, trei zipite kwenye mlango. Mlango ushajengwa. Kwahiyo kabla ya ghala kuanza orodhesha kila sehemu ambapo kitu cha kudumu kinagusana na kinachobadilika, kwako naona tatu, upana wa mlango, mahali pa mizani, na umeme wa kuchajia simu. Hizo amua mapema na uache nafasi, mlango ukiwa mpana kidogo gharama yake ni ndogo sana leo. Alafu waambie wa majaribio wajaribu chochote wanachotaka ilimradi trei ipite hapo.

Utajuaje unakosea? Ukiona kila mwezi unachora chati upya na mistari inayohama ni ile ile, hicho kipande ulikitabiri na hakitabiriki, kihamishie kwenye duru. Ukiona giza mbili zimepita, vikao vimefanyika na kichanja hakijabadilika hata msumari wala hamna aliyeamua kuchagua, hayo marudio yamekuwa mazoea. Na ukimsikia fundi wa ghala anasema tutaona mbele ya safari kuhusu msingi au linta, simamisha kazi siku hiyo hiyo.

Kuna mambo ambayo kwa maandishi siwezi kukusaidia. Udongo wa pale mwaloni, kina cha msingi, hizo mita 60 zinapimwaje kwenye ufukwe wenu, mpelekee mhandisi wa halmashauri na watu wa mazingira waje eneo lenyewe, na afisa uvuvi na BMU, kile kikundi cha kusimamia uvuvi cha mwalo wenu, wawepo siku hiyo kwasababu ndo wanajua mitumbwi inapoegesha na mikokoteni inapopita. Kama kikundi kina mgogoro wa eneo, hata mdogo, maliza na serikali ya mtaa kwa maandishi kabla ya mkataba wa fundi.

Ukipata siku moja wiki hii anza na kanda ya kupimia, chati iache kwanza. Mita 60 zikigoma pale mlipopachagua ghala linahama, na likihama mlango, mizani, njia ya mikokoteni na sehemu ya vichanja vyote vinahama nalo, na hapo tutaongea chati nyingine kabisa.